Fundi wangu wa kwanza: niandike nini kwenye mkataba?

*Salaam kaka mshauri. Nina kibanda cha ushonaji hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Nashona sare za shule. Miaka sita nimefanya kazi peke yangu na cherehani mbili, lakini mwaka huu shule ya tatu imenipa oda, kwa hiyo nimepata binti wa kunisaidia, aanze tarehe 1 Oktoba. Tumekubaliana kwa mdomo sh. 350,000 kwa mwezi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, na saa moja ya kula. Januari nitamhitaji mpaka saa 3 usiku kwa sababu shule zinakaribia kufungua.*

*Rafiki yangu mmoja anasema nisiandike chochote, nimwite kibarua tu. Mwingine amenipa mkataba wa kurasa kumi na moja wa Kiingereza, na mimi mwenyewe sikuuelewa. Nataka karatasi fupi ya Kiswahili. Naweza kuweka majaribio ya mwaka mzima? Akichoma kitambaa kwa pasi nimkate? Na likizo, si heri nimlipe pesa aendelee kushona? Halafu, samahani, naweza kuandika asipate mimba mwaka wa kwanza?*

*Mama Sare, Busia*

Mama Sare, chukua kalamu tuanze na saa za kazi, maana hapo umeshateleza kabla hata karatasi haijanunuliwa.

Kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni ni saa kumi. Toa moja ya kula, zinabaki tisa. Zidisha kwa siku sita, unapata saa 54 kwa wiki. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kazi ya kawaida, na kila saa inayozidi hapo ni ovataimu inayolipwa mara moja na nusu. Maana yake, huyo binti atakuwa anakudai saa sita kila wiki, tangu wiki ya kwanza, hata kama nyote wawili hamjui. Deni la namna hii halina kelele. Linakaa kimya mwaka mzima, kisha siku mnapogombana kwa jambo jingine kabisa, anakwenda kwa afisa wa kazi wa wilaya na daftari lake la saa.

Tulipime hilo deni. Saa 48 kwa wiki, mara wiki 52, gawanya kwa miezi 12, unapata saa 208 kwa mwezi. Sh. 350,000 ukigawa kwa 208, saa moja ya kawaida ni kama sh. 1,683. Mara moja na nusu ni sh. 2,524. Saa sita za ziada kwa wiki ni saa 26 kwa mwezi, kwa hiyo kila mwezi ungekuwa unamnyima karibu sh. 65,600 bila kukusudia. Kwa mwaka inapita laki saba na nusu, na cherehani ya mkono wa pili haiko mbali na hapo.

Dawa yake ni ndogo: funga saa 11 jioni badala ya saa 12. Saa nane kwa siku, siku sita, unapata 48 kamili. Andika hivi:

> *Saa za kazi ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, pamoja na mapumziko ya saa moja ya kula ambayo si saa ya kazi. Jumapili ni siku ya mapumziko.*

Kama binti ni Mwislamu, ongeza kwamba Ijumaa saa ya kula itaanzia wakati wa swala. Ni maneno machache, na yanaondoa ile hali ya mtu kuomba ruhusa kila wiki kana kwamba ni fadhila. Na saa ya kula iwe ya kula kweli. Ukimwita amhudumie mteja huku wali unapoa, hiyo imegeuka saa ya kazi.

Sasa Januari. Kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku, hata ukitoa saa ya kula, ni saa 12 kwa siku na 72 kwa wiki. Hapo pesa haisaidii. Ovataimu yenyewe ina dari: mtu asiyefanya kazi ya zamu asizidi saa 10 kwa siku wala saa 56 kwa wiki. Kwako wewe ni saa nane za ziada kwa wiki, yaani jioni nne za saa mbili mbili, kutoka saa 11 hadi saa 1 usiku. Wiki nne za Januari zinakupa saa 32. Kiwango nakushauri ukikaze kiwe sh. 2,600 kwa saa, kidogo juu ya kile cha sheria, ili usihangaike na senti na ili kesho ukikosea hesabu ukosee upande salama. Jumla sh. 83,200 kwa mwezi huo. Ziweke kwenye bei ya sare tangu Novemba, zisikushtukize.

> *Mwezi Januari mwajiri anaweza kuomba kazi ya ziada, isiyozidi saa 2 kwa siku na saa 8 kwa wiki. Kila saa ya ziada italipwa sh. 2,600 pamoja na mshahara wa mwezi huo. Saa zitaandikwa kwenye daftari na kusainiwa na wote wawili kila Jumamosi.*

Hilo daftari ni la lazima kuliko maneno mengine yote. Mkataba mzuri bila daftari la saa ni kama kipimo bila utepe.

Na ukiona saa 32 hazitoshi, jibu haliko kwa huyu binti. Anza kukata kola na mifuko Novemba, wakati oda za shule mbili za kwanza unazijua tayari. Au mtafute mtu wa kushona vifungo na kupiga pasi kwa wiki tano za Januari na mwanzo wa Februari. Huyo ndiye kibarua, na hapo rafiki yako angekuwa na haki. Lakini mtu wa kudumu, anayekuja kila siku kuanzia Oktoba, hageuki kibarua kwa kuitwa kibarua. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema mtu asiajiriwe kwa ukibarua zaidi ya miezi minne. Akiendelea baada ya hapo ana haki za mfanyakazi kama wengine. Na hata mkikaa bila karatasi, mkataba wa mdomo ni mkataba. Tofauti ni kwamba wa mdomo kila mtu anaukumbuka anavyotaka. Sheria inakutaka umpe mfanyakazi masharti yake kwa maandishi kabla wiki 12 hazijapita tangu aanze. Kwa aliyeanza tarehe 1 Oktoba, hiyo ni mkesha wa Krismasi. Usingoje. Saini kabla hajakanyaga pedali.

Jambo la pili ni pesa, na hapa nina swali moja kwako: ulipomwambia 350,000, yeye alisikia nini? Nina wasiwasi alisikia 350,000 mkononi. Wewe labda ulimaanisha hizo ndizo zote unazotoa. Hakuna hata mmoja aliye sahihi, kwa sababu katikati yenu wamekaa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, na URA, mamlaka ya kodi.

Zamani mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya watano hakulazimika kuchangia NSSF. Tangu marekebisho ya 2022, kila mwajiri anachangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5, wewe unaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwako, na pesa inafika kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kodi ya mshahara nayo inaanza pale mshahara unapopita sh. 235,000 kwa mwezi: asilimia 10 kwa laki moja inayofuata, kisha asilimia 20 mpaka kufika sh. 410,000. Kwa hiyo kwenye 350,000 yako, kodi ni sh. 10,000 jumlisha sh. 3,000, yaani 13,000. NSSF yake ni 17,500. Mkononi anapata sh. 319,500. Wewe unaongeza 35,000 ya NSSF, na gharama yako kamili ni 385,000. Ipo pia kodi ya huduma ya baraza la mji, ndogo, inayokatwa kati ya Julai na Oktoba.

Iwapo mlikubaliana 350,000 mkononi, basi mshahara wa kuandika ni kama sh. 390,700, na mfukoni mwako zinatoka karibu 429,800. Kati ya hesabu hizi mbili kuna zaidi ya sh. 44,000 kila mwezi, zinazotokana na neno moja ambalo hamkulitamka. Nenda ukamuulize leo, kabla ya karatasi. Hesabu zangu hapa zinafuata 350,000 kabla ya makato. Mkikubaliana nyingine, kokotoa upya saa na ovataimu.

> *Mshahara ni sh. 350,000 kwa mwezi kabla ya makato. Yatakatwa kodi zinazotakiwa na sheria na mchango wa NSSF wa asilimia 5. Mwajiri ataongeza asilimia 10 yake. Mshahara utalipwa siku ya mwisho ya kazi ya kila mwezi kwa pesa ya simu kwenye namba ya mfanyakazi, pamoja na karatasi inayoonyesha mshahara, ovataimu na kila kilichokatwa.*

Utaulizwa na watu kama huo mshahara unavuka kima cha chini. Usicheke: kima cha chini cha sheria Uganda bado ni sh. 6,000 kwa mwezi, kile cha mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Kwa hiyo kwenye kiwango cha mshahara, anayekulinda wewe na binti ni makubaliano yenu tu.

Pasi na kitambaa kilichoungua: usimkate. Sheria inataja makato yanayoruhusiwa, kama kodi, mchango wa pensheni, kodi ya nyumba uliyompa kuishi, ada ya chama cha wafanyakazi. Kitambaa hakimo. Najua mita tatu za tetroni ni pesa, lakini hiyo ni hasara ya biashara, na ndiyo maana kuna kipindi cha majaribio. Ukitaka kujilinda, mweleze siku ya kwanza kwamba pasi inajaribiwa kwenye kipande cha mabaki kabla ya kugusa sare, na uandike hilo kama utaratibu wa kazi. Akirudia uzembe, mpe onyo la maandishi, mshahara uuache.

Sasa majaribio. Hapa nina kovu langu mwenyewe. Nilipoajiri kijana wa kwanza katika duka langu la kuchapisha na kutoa kopi, niliandika “majaribio mpaka mwajiri atakaporidhika.” Nilidhani nimekuwa mjanja. Baada ya miezi tisa nikamwambia sijaridhika, aende. Afisa wa kazi alisoma ule mstari, akanitazama, akauliza: “Uliridhika tarehe ngapi?” Sikuwa na jibu. Nililipa.

Majaribio hayazidi miezi sita. Yanaweza kuongezwa, lakini kwa ridhaa ya mfanyakazi, na nyongeza nayo haizidi miezi sita. Mtu yule yule huwezi kumuweka kwenye majaribio mara mbili, kwa hiyo ule mchezo wa kumfukuza na kumrudisha upya haukubaliki. Kwako mimi ningeandika miezi mitatu. Fundi cherehani hahitaji mwaka kujulikana. Mwezi wa kwanza utaona kama mshono wake umenyooka na kama kola zake zinalingana. Mwezi wa pili utaona kasi. Wa tatu utaona kama anafika kwa wakati hata siku ya mvua.

Angalia na kalenda. Akianza 1 Oktoba, miezi mitatu inaisha 31 Desemba, mlangoni mwa msimu wako mkubwa. Ndani ya majaribio, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 14, au wewe mwajiri ulipe mshahara wa siku 7 badala ya notisi. Rudisha siku 14 nyuma: barua ya notisi lazima iwe mkononi mwake tarehe 17 Desemba. Kwa hiyo uamuzi wako ufanye katikati ya Desemba, usisubiri tarehe 30 wakati umeshalewa oda. Ukinyamaza na Januari ikaingia, chukulia kwamba umemkubali.

> *Majaribio ni miezi 3, kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Desemba. Mwajiri na mfanyakazi watakaa pamoja mwisho wa Oktoba na mwisho wa Novemba kuangalia ubora wa mshono, kasi na mahudhurio, na watakachosema kitaandikwa. Uamuzi utatolewa kwa maandishi kabla ya 17 Desemba. Katika majaribio notisi ni siku 14 kwa pande zote mbili, au mwajiri atalipa mshahara wa siku 7.*

Mshahara wa majaribio ni mshahara. Mnaweza kukubaliana uwe mdogo kidogo, ila “njoo nikujaribu bure miezi miwili” isiingie kichwani, na NSSF inaanza mwezi wa kwanza, haingoji kuthibitishwa.

Baada ya kuthibitishwa, kuna kitu ambacho wengi wanakiruka kwenye notisi. Sheria inatoa wiki mbili kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini hajafika mwaka, kisha mwezi mmoja mpaka miaka mitano, na kadhalika kwenda juu. Mwajiri anasoma hapo, anaandika wiki mbili, anafunga kitabu. Lakini mstari unaofuata unasema kwamba iwapo kipindi cha malipo ni kirefu kuliko hiyo notisi, notisi inakuwa sawa na kipindi cha malipo. Wewe unamlipa kwa mwezi. Basi notisi yako ni mwezi tangu majaribio yanapoisha, na huwezi kukubaliana naye kuiondoa. Mnaweza tu kukubaliana alipwe mshahara wa mwezi badala ya kuitumikia.

> *Baada ya majaribio, anayetaka kuvunja mkataba atatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, kwa lugha ambayo mwenzake anaielewa. Mfanyakazi akiondoka kwa sababu yoyote, atalipwa ndani ya siku 7 mshahara wa siku alizofanya kazi na siku za likizo ambazo hakuchukua.*

Hilo la mwisho limetoka kwenye sheria, sikulitunga mimi. Hata akikukimbia katikati ya Januari, na moyo wako ukawaka, siku alizoshona ni zake. Na ukitaka kumfukuza wewe kwa kosa baada ya majaribio, kwanza mwite, mweleze kosa kwa lugha anayoielewa, mpe nafasi ya kujitetea na ya kuja na mtu wake. Hata kosa likiwa la kweli, ukiruka hatua hiyo unamlipa mshahara wa wiki nne.

Likizo hainunuliwi. Anapata siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka, kwa mshahara kamili, na mkataba unaosema ameziacha haufanyi kazi. Pesa badala ya siku inakuja tu anapoondoka na siku zimebaki. Haki hiyo inaanza baada ya miezi sita ya kazi. Kwa bahati nzuri biashara yako ina msimu, na wakati wa likizo mnakubaliana. Panga hivi: asichukue Januari wala nusu ya kwanza ya Februari. Siku 10 achukue Aprili, watoto wakiwa tayari wamevaa, na 11 Julai. Mimi ningeandika wazi kwamba ni siku za kazi, Jumapili na sikukuu hazimo, ili msije mkabishana juu ya Idi iliyoangukia katikati.

Sikukuu moja inakuhusu wewe hasa: 26 Januari, Siku ya Ukombozi. Inaangukia kwenye wiki yako mbaya kuliko zote. Akija kazini siku hiyo, ama unamlipa mara mbili, ama unampa siku nyingine ya kupumzika kwa mshahara. Mara mbili kwa saa ni sh. 3,366, andika 3,400, siku nzima ni sh. 27,200. Chagua mapema na umwambie mapema.

Ugonjwa nitaupitia haraka: akishafikisha mwezi mmoja kazini, akiugua analipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwepo, mradi akujulishe na alete karatasi ya hospitali ukiomba.

Na sasa ile ya “samahani.” Hapana, Mama Sare. Huo mstari usiandike. Kumfukuza mwanamke kwa ajili ya mimba ni kosa la mwajiri, na karatasi yenye sharti hilo ingekuwa ushahidi dhidi yako mwenyewe, kwa mwandiko wako. Akijifungua ana siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Najua ni mzigo kwa kibanda chenye cherehani mbili, na sitakudanganya kwamba ni mwepesi. Anayejiandaa huweka kando kidogo kila mwezi, na anamfahamu fundi mmoja wa mtaani wa kushika nafasi kwa muda. Andika tu: *Likizo ya uzazi itakuwa kama sheria inavyosema.*

Juu kabisa ya karatasi weka majina yenu kamili na mahali mnapoishi, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, na jina la kazi. Usiandike “msaidizi,” maana msaidizi anaweza kutumwa sokoni na kufua. Andika: *Fundi cherehani: kukata, kushona, kupiga pasi na kupima wateja.* Ukitaka afagie pia, andika afagie. Ile karatasi ya Kiingereza ya kurasa kumi na moja irudishe kwa mwenyewe. Iliandikwa kwa kampuni yenye idara ya wafanyakazi, na nusu ya kurasa zake zinahusu vitu ambavyo kibanda hakina.

Chapisha nakala mbili. Msikabidhiane tu kama risiti. Kaeni chini jioni moja kabla ya 1 Oktoba, umsomee kila kifungu kwa sauti, na kila kifungu kikiisha muulize yeye akieleze kwa maneno yake. Akikosea kwenye notisi au kwenye ovataimu, hapo hapo rekebisheni. Mtie saini nyote kila ukurasa, na shahidi mmoja kila upande. Nakala moja aende nayo nyumbani. Yako iweke pamoja na lile daftari la saa, mahali pasipofikiwa na mafuta ya cherehani. Siku utakapompandishia mshahara au kubadilisha saa, msifute juu ya ile ya zamani. Andikeni karatasi mpya ya mistari mitatu yenye tarehe, saini mbili, na muibane nyuma yake.